Shoti isiyo shoti: kuipima kwa mita na kuona mrejesho hasi unavyopanga ukuzaji wa opampu

Kila anayejifunza opampu, chipu inayokuza tofauti ya volteji kati ya pini zake mbili za kuingilia, huambiwa mapema kwamba pini hizo zina volteji sawa, kana kwamba zimeunganishwa kwa waya, ila hakuna mkondo unaopita kati yake. Hiyo ndiyo inayoitwa shoti dhahania. Wengi huikariri kama tabia ya chipu yenyewe, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia, kwa sababu chipu haina tabia hiyo hata kidogo. Usawa huo unaletwa na saketi iliyoizunguka, na saketi ikiharibika usawa hutoweka papo hapo. Mwongozo huu unajenga saketi moja ndogo, unaipima shoti hiyo kwa mita ya kawaida, kisha unaivunja kwa makusudi ili uijue sura yake ikiwa nzima na ikiwa imevunjika.

Vifaa

Tafuta chipu moja ya LM358, betri mbili za volti 9, bredibodi, multimita ya dijitali na kapasita mbili za nanofaradi 100. Rezista ni hizi: omu 470, kiloomu 8.2, kiloomu 10 mbili, kiloomu 100 na kiloomu 330. Chukua zenye usahihi wa asilimia 1 ukizipata. Sababu utaiona mbele, nayo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

LM358 imechaguliwa kwa kuwa ni mvumilivu. Pini zake za kuingilia zinahimili tofauti kubwa ya volteji bila kuungua, na sisi tutazitesa. Usirudie majaribio haya kwa NE5532 ukitarajia namba zilezile, maana ile ina dayodi mbili ndani, zimelala kinyume kati ya pini za kuingilia, na tofauti ikikaribia volti 0.6 zinaanza kupitisha mkondo.

Hatua ya kwanza: unga saketi

Unganisha betri mbili mfululizo. Pale zinapokutana ndipo graundi yetu, yaani volti 0. Ncha moja ya mwisho inakuwa +9, nyingine −9. Peleka +9 kwenye pini ya 8 na −9 kwenye pini ya 4. Weka kapasita moja kati ya pini ya 8 na graundi, nyingine kati ya pini ya 4 na graundi, karibu na chipu kadiri bredibodi inavyoruhusu.

Pini ya 3, ambayo ndiyo ya chanya, iunge moja kwa moja kwenye graundi. Pini ya 2, ya hasi, itapokea rezista mbili: kiloomu 10 inayotoka kwenye ishara, tuiite Rin, na kiloomu 100 inayotoka kwenye pini ya 1, ambayo ni pini ya kutokea. Hii ya pili ni Rf, rezista ya mrejesho: inarudisha sehemu ya kinachotoka hadi pini ya hasi, na ndiyo maana mrejesho huu huitwa hasi. Mahali Rin, Rf na pini ya 2 zinapokutana tupaite kifundo, kwa kuwa tutaparudia mara nyingi.

Ndani ya LM358 mna opampu mbili. Ile isiyotumika usiiache ikielea: pini ya 5 iende graundi, na pini ya 6 iungwe na pini ya 7. Ikiachwa wazi inaweza kuanza kutetemeka na kuingiza kelele kwenye umeme wa mwenzake.

Sasa ishara. Toka +9 kwa kiloomu 8.2, kisha omu 470 hadi graundi; hicho ndicho kigawanyo chetu cha volteji. Pale zinapokutana unapata takriban volti 0.488, ukichukulia kwamba betri ni volti 9 kamili. Betri mpya huzidi kidogo, kwa hiyo pima yako na uandike namba zako. Usiiunge bado na Rin.

Hatua ya pili: pima ishara mara mbili

Pima volteji ya kigawanyo kabla hujakiunganisha: 0.488. Kisha unga Rin, washa, na upime tena palepale. Itakuwa imeshuka hadi karibu 0.467.

Watu wengi huruka kipimo hiki, halafu wanalalamika kwamba ukuzaji haukufika 10. Pini ya 2 haivuti mkondo wa kuhesabika, hivyo mtu hudhani kwamba ishara haibebi mzigo wowote. Lakini ncha ya pili ya Rin imeshikiliwa kwenye volti 0 na shoti dhahania, na kwa upande wa ishara hali hiyo haina tofauti na Rin kuungwa graundi. Mzigo wake ni kiloomu 10 kamili. Ukiweka kiloomu 10 sambamba na omu 470 na kupiga hesabu ya kigawanyo upya, unapata 0.467 ileile. Kwa hiyo kushuka kwa volteji hiyo ni ushahidi wako wa kwanza kwamba kifundo kiko kwenye volti 0, na bado hujakigusa.

Chanzo chenye ukinzani mkubwa zaidi kingeanguka zaidi. Potenshomita ya kiloomu 10 ikiwekwa katikati ina ukinzani wa kiloomu 2.5 kwa upande wa kutokea, na ukiiunga hapa ukuzaji unaouona kutoka kwenye volteji yake ya awali ni 100 gawanya kwa 12.5, yaani 8 tu. Opampu haina kosa lolote hapo.

Hatua ya tatu: pima kifundo

Weka mita kwenye kipimo cha milivolti, ncha nyeusi graundi. Ncha nyekundu usiiguse kwenye kifundo moja kwa moja. Waya mrefu wa mita una kapasitansi, na pini ya 2 ndiyo sehemu nyeti kuliko zote. Kapasitansi hapo huchelewesha mrejesho na inaweza kuifanya opampu itetemeke. Gusa kupitia ile kiloomu 10 iliyobaki. Mita nyingi za dijitali zina ukinzani wa megaomu 10, hivyo rezista hiyo inapunguza kipimo kwa sehemu moja ya elfu tu.

Utasoma kitu kama milivolti 1, 2 au 3, chanya au hasi. Pini ya 1 utasoma takriban −4.67.

Hapa simama kidogo, kwa sababu milivolti hizo chache zinachanganya. Ukuzaji ghafi wa LM358, yaani ule wa chipu bila mrejesho, kwa kawaida ni kama mara 100,000 kwa umeme usiobadilika. Ili itoe volti 4.67 inahitaji tofauti ya mikrovolti 47 tu kati ya pini zake. Mita ya kawaida haitaiona. Unachokiona ni ofseti: transista za mlangoni mwa chipu hazilingani kabisa, na LM358 huja na tofauti ya milivolti 2 au 3 hivi, hata 7 kwa zile mbaya. Mrejesho unaishikilia pini ya 2 mahali ambapo chipu inaona usawa, na macho yake yamepinda kidogo.

Unaweza kulithibitisha hilo. Toa Rin kwenye kigawanyo na uiunge graundi. Pini ya 1 haitasoma sifuri. Ofseti ikiwa milivolti 2 utakuta kama 22, kwa sababu ofseti hukuzwa mara 11, si mara 10: yenyewe huingia kana kwamba iko kwenye pini ya chanya, na kwa pini hiyo ukuzaji ni 1 + Rf/Rin. Milivolti chache za ziada zinaweza kutokana na mkondo mdogo sana wa pini ya 2 unaopita kwenye kiloomu 100.

Hatua ya nne: hesabu ya ukuzaji

Rudisha Rin kwenye ishara. Kifundo kiko kwenye volti 0, basi mkondo wa Rin ni 0.467 gawanya kwa 10,000, sawa na mikroampea 46.7. Mkondo huo hauwezi kuingia pini ya 2, na haupiti kwenda pini ya 3 kwa kuwa shoti hii haina waya. Njia iliyobaki ni Rf. Mikroampea 46.7 zikipita kwenye kiloomu 100 zinaangusha volti 4.67, na kwa kuwa ncha ya Rf iliyo kwenye kifundo iko kwenye 0, ile ya pini ya 1 lazima iwe −4.67.

```
Vo = -(Rf / Rin) * Vin
```

Ukuzaji wa chipu haupo kabisa kwenye hesabu hii. Ili kuelewa umekwenda wapi, fuata kinachotokea ishara inapopanda. Kifundo kinaanza kunyanyuka juu ya 0. Opampu inaona pini ya hasi imezidi, inaishusha pini ya kutokea, na Rf inakivuta kifundo chini. Inaendelea kushusha hadi kifundo kirudi karibu kabisa na 0, kisha inatulia. Chipu haijui lolote kuhusu mara 10. Inachojua ni kushusha na kupandisha hadi tofauti iishe, na rezista ndizo zinazoamua ishuke umbali gani ili iishe.

Ukiuingiza ukuzaji ghafi, A, unapata:

```
G = -(Rf / Rin) / (1 + (1 + Rf/Rin) / A)
```

Kwa A ya 100,000, ukuzaji unakuwa 9.9989. Badilisha chipu, uweke dhaifu yenye A ya 20,000: unapata 9.9945. Chipu imepoteza nguvu mara tano na saketi imepoteza chini ya sehemu moja ya elfu mbili. Sasa linganisha na rezista. Zenye usahihi wa asilimia 5 zikikosea kila moja kwa upande wake, ukuzaji unaweza kuwa popote kati ya 9.05 na 11.05. Za asilimia 1 zinakupa 9.80 hadi 10.20. Ndiyo maana tulianza kwa kusema utafute za asilimia 1. Kununua opampu ya bei ghali na kuizungushia rezista ovyo ni kutupa pesa.

Biashara hii ya kutoa sadaka ukuzaji mwingi ili kupata ukuzaji thabiti ilimjia Harold Black, mhandisi wa Bell Labs, tarehe 2 Agosti 1927, akiwa kwenye kivuko cha mto Hudson akienda kazini. Alihangaikia vikuzaji vya laini ndefu za simu, na aliandika hesabu yake kwenye ukurasa wa gazeti. Hataza ilitoka mwaka 1937 tu, maana wazo la kuutupa ukuzaji uliopatikana kwa taabu halikuingia akilini mwa watu upesi.

Hatua ya tano: ivunje

Hapa ndipo mita inapokufundisha kutafuta hitilafu.

Kwanza toa Rf ya kiloomu 100 uweke ya 330. Hesabu inadai volti −15.4, na betri zinaishia −9. Pini ya 1 itakwama karibu na −9. Sasa pima kifundo: hakiko tena kwenye milivolti 2, kimepanda hadi karibu volti 0.2. Opampu imeshusha hadi mwisho wa uwezo wake, Rf haiwezi kuvuta mkondo wa kutosha, na kifundo kimeachwa kielee mahali ambapo rezista mbili zinakubaliana zenyewe. Ishara hii ni ya kuaminika: tofauti ya pini ya 2 na ya 3 ikizidi milivolti kumi hivi kwa umeme usiobadilika, mrejesho haufanyi kazi, na kanuni ya ukuzaji usiitumie kabisa. Kwa upande wa chanya ukuta uko karibu zaidi, kwa kuwa LM358 huishia kama volti 1.5 chini ya umeme wake, yaani kwenye 7.5 hivi.

Rudisha kiloomu 100. Sasa zima umeme, ubadilishane pini: kifundo kiende pini ya 3, graundi iende pini ya 2. Hili ndilo kosa linalofanywa na wengi kwenye bredibodi, na ubaya wake ni kwamba karatasi hailigundui. Ukichukulia kwamba pini mbili zina volteji sawa na kupiga hesabu upya, unapata −10 ileile. Lakini washa uone. Pini ya 1 imekwama, ama kwenye +7.5 hivi ama karibu na −9, na kifundo kinasoma volti 1.15 au −0.4, kutegemea imekwama upande gani. Kifundo kikinyanyuka kidogo, opampu sasa inapandisha pini ya kutokea, Rf inakinyanyua kifundo zaidi, na mambo yanakimbia hadi ukutani. Usawa ule wa kwenye karatasi upo, ila ni kama gololi juu ya mpira: inaweza kukaa pale kwa hesabu, haiwezi kukaa pale kwa kweli. Kwa hiyo kabla ya kuandika kwamba pini mbili ni sawa, hakiki vitu viwili: mrejesho unarudi kwenye pini ya hasi, na pini ya kutokea haijagonga ukuta.

Jaribio la tatu ni fupi nalo ndilo linalomaliza ubishi kuhusu jina. Rudisha pini mahali pake, saketi ifanye kazi, kisha chukua kipande cha waya uunge pini ya 2 na pini ya 3. Ikiwa shoti dhahania ni sawa na shoti ya kweli, hakuna kinachopaswa kubadilika. Lakini pini ya 1 inaruka na kukwama, aghalabu kwenye ukuta mmoja. Kwa waya huo umeikata habari iliyokuwa ikirudi kwa opampu. Kifundo sasa kinashikiliwa na graundi, kushusha au kupandisha pini ya kutokea hakukisogezi, na kilichobaki ni ofseti. Milivolti 2 mara 100,000 ni volti 200, ambazo chipu inajaribu kuzitoa na haiwezi. Toa waya, na −4.67 inarudi. Jaribio hili haliiunguzi LM358.

Hatua ya sita: peleka ishara inayobadilika

Ukiwa na jenereta ya mawimbi na osiloskopu, ondoa kigawanyo, ingiza wimbi laini lenye kilele cha volti 0.4 kwenye Rin, na utarajie kilele cha volti 4 kwenye pini ya 1. Wimbi likikatiza sifuri unaweza kuona kijino kidogo. Ni udhaifu wa transista za mwisho za LM358 zinapopokezana. Rezista ya kiloomu 4.7 kati ya pini ya 1 na −9 huuondoa kwa kuifanya transista ya juu ibaki kazini muda wote.

Sasa angalia kifundo kwa ncha ya osiloskopu ya mara kumi, ambayo kapasitansi yake ni ndogo. Ukuzaji ghafi hushuka kadiri kasi ya wimbi inavyopanda. Kwa LM358 yenye zao la ukuzaji na masafa la megahezi 1, kwenye kilohezi 1 unabaki na A ya 1,000, na kwenye kilohezi 10 A ni 100 tu. Kwa hiyo kilele cha volti 4 kinadai milivolti 4 kwenye kifundo kwa kilohezi 1, na milivolti 40 kwa kilohezi 10. Hizo 40 unaziona wazi kwenye kioo. Shoti inafifia mbele ya macho yako. Hata hivyo ukuzaji umepungua kwa chini ya asilimia 1, kwa kuwa wimbi la kifundo liko robo mzunguko nje ya hatua na lile la ishara, hivyo haliutoi ukuzaji moja kwa moja. Kanuni ya kukadiria mwisho wa masafa ni kugawanya megahezi 1 kwa 11, si kwa 10, unapata kama kilohezi 90. Ni 11 ileile tuliyoikuta kwenye ofseti.

Lakini ukipandisha hadi kilohezi 40 bila kupunguza ishara, hutaona wimbi laini. Utaona pembetatu. LM358 haiwezi kubadilisha pini yake ya kutokea kwa haraka zaidi ya takriban volti 0.3 kwa mikrosekunde, ingawa baadhi ya matoleo ni mepesi kidogo. Wimbi la kilele cha volti 4 kwa kilohezi 40 linadai volti 1 kwa mikrosekunde. Nusu ya mzunguko ni mikrosekunde 12.5, kwa hiyo kutoka bonde hadi kilele pini inafika kama volti 3.75 badala ya 8. Wakati huo wote opampu inakimbia kwa kasi yake ya mwisho bila kukifikia kifundo, na kifundo kinayumba kwa mamia ya milivolti, sawa na pale ilipogonga ukuta. Shusha ishara hadi kilele cha volti 0.04, usiguse kitu kingine: pembetatu inageuka kuwa wimbi laini tena, kilele kikiwa karibu volti 0.37, na kifundo kinatulia kwenye kilele cha milivolti 15 hivi.